Risiti Hukuambia Nusu Tu: Kutoka Msumarini Hadi Kwenye Jarida

Mwaka jana nilikaa na mama mmoja mwenye karakana ya kushona sare za shule hapa Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, tukipitia hesabu za Januari na Februari ambazo mimi ndiye niliyemwandikia. Alipofika kwenye mstari wa vitambaa alivua miwani, akanitazama. "Mwanangu," akasema, "mimi sijanunua vitambaa vya elfu tisini na mbili. Nimenunua mara moja tu, na mzigo ule naujua."

Alikuwa sahihi. Mzigo wake ulikuwa wa KSh 46,400. Kitabu changu kilisema 92,800, mara mbili kamili, na kila shilingi niliyoandika ilikuwa na karatasi yake. Hakukuwa na karatasi ya kughushi wala hesabu niliyojumlisha vibaya. Nilichofanya ni kuchukua karatasi moja moja kutoka kwenye msumari anakozichomeka risiti zake, na kila niliyoishika nikaiandikia gharama. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyofanya kazi hii, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza wenzangu mnaoandika vitabu vya biashara ndogo, zenu au za watu.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki: risiti hukuambia nusu ya ingizo tu. Hukuambia kilichonunuliwa, yaani upande wa debiti. Upande wa krediti, yaani pesa zilitoka wapi, mara nyingi haumo kwenye risiti hata kidogo. Risiti ikisema "imelipwa taslimu", hilo ni neno la muuzaji. Yeye anajua alipokea noti. Hajui kama noti hizo zilitoka kwenye droo ya biashara, benki, au kwenye mkoba wa mama aliyekopa kwa dada yake asubuhi hiyo. Nusu hiyo ya pili unaitafuta kwingine: kwenye taarifa ya M-Pesa, kwenye taarifa ya benki, kwenye droo, na kwa kumuuliza mwenye biashara.

Tuweke maneno sawa kabla ya kuendelea. Katika vitabu vya biashara, debiti huongeza mali na gharama, na hupunguza deni unalodaiwa. Krediti hupunguza mali, pesa zikiwemo, na huongeza deni au mtaji. Wengi hukwama hapa kwa sababu wamezoea taarifa ya benki, ambayo huita pesa zinazotoka debiti. Benki haijakosea. Ile ni taarifa ya vitabu vyake yenyewe, na kwake pesa zako ni deni inalodaiwa na wewe. Ukitoa, deni lake linapungua, kwa hiyo inaandika debiti. Kwenye kitabu chako tukio lilelile ni krediti ya akaunti ya benki. Ukinakili maneno ya taarifa ya benki jinsi yalivyo, kitabu chako chote kitageuka.

Sasa turudi kwa mzigo wa vitambaa. Tarehe 8 Januari mzigo ulifika na ankara ya 46,400. Mama alilipa 20,000 kwa kumtumia muuzaji pesa kwa M-Pesa, na wakakubaliana salio la 26,400 lingoje mwezi mmoja. Muuzaji akamwandikia risiti ya mkono ya 20,000. Tarehe 7 Februari akalipa 26,400 kupitia benki, akapewa risiti nyingine. Kwa hiyo kwenye msumari kulikuwa na karatasi tatu: ankara ya 46,400, risiti ya 20,000 na risiti ya 26,400. Mimi nilizijumlisha zote kama gharama ya vitambaa.

Ndiyo maana siku hizi sigusi kalamu ya jarida, kile kitabu cha maingizo, kabla sijazimwaga karatasi zote mezani na kuzipanga kwa tukio, wala sizipangi kwa tarehe ya karatasi. Ankara, risiti ya malipo na ujumbe wa M-Pesa wa manunuzi yaleyale nazibana pamoja kwa pini. Ujumbe wa M-Pesa sina karatasi yake, kwa hiyo naandika ile nambari yake ya herufi na tarakimu kumi kwenye kona ya risiti kwa kalamu ya wino. Kifurushi kimoja cha pini ni tukio moja. Ankara ndiyo inayoleta gharama au mali kitabuni. Risiti ya malipo inayofuata baadaye inapunguza deni tu, hairudii gharama.

Lile la tarehe 8 likaandikwa hivi, DR ikiwa debiti na CR krediti:

```
8 Jan   Stoo ya vitambaa        DR   46,400
        Ada za M-Pesa           DR      105
            M-Pesa              CR   20,105
            Wadai (muuzaji)     CR   26,400
```

Chini yake naweka maelezo ya mstari mmoja: vitambaa vya sare, nambari ya ankara, sehemu imelipwa, salio tarehe 7 Februari. Angalia ile 105. Haimo kwenye ankara wala kwenye risiti ya muuzaji. Iko kwenye ujumbe wa M-Pesa pekee, ni ada ya kutuma, na pesa zilizotoka kwenye simu ni 20,105. Ukiandika 20,000 tu, simu na kitabu vimekwisha kuachana.

Kisha Februari:

```
7 Feb   Wadai (muuzaji)         DR   26,400
            Benki               CR   26,400
```

Hapo hakuna gharama yoyote. Akaunti ya huyo muuzaji inarudi sifuri, na kama hairudi sifuri siku mnayojua mmemalizana, kuna karatasi iliyoingia mara mbili au haikuingia. Dalili nyingine ya kosa langu ni ile iliyomfanya mama avue miwani: kiasi kilichozidi ni mara mbili kamili, au kinalingana na risiti moja unayoifahamu. Ukiona hivyo usianze kujumlisha upya. Tafuta karatasi mbili za tukio moja.

Nimeandika "Stoo ya vitambaa", sikuandika gharama. Kitambaa kilicho kwenye rafu bado ni mali. Mwisho wa Januari tulipima kilichobaki, kikawa cha thamani ya 18,000, na kwa kuwa mwezi ulianza rafu zikiwa tupu, kilichokatwa na kushonwa ni cha 28,400. Hiyo ndiyo inayohamia kwenye gharama: debiti Gharama ya vitambaa, krediti Stoo ya vitambaa.

Kuna jambo la VAT ambalo huwatatiza wengi kwenye ankara kama hii. Karatasi yenyewe ilionyesha 40,000 na chini yake VAT ya asilimia 16, yaani 6,400. Kishawishi ni kuitenga ile 6,400 kwenye akaunti yake. Itenge ikiwa tu biashara imesajiliwa kwa VAT, maana hapo unaweza kuidai unapowasilisha ritani yako. Usajili ni lazima mauzo yanayotozwa kodi hiyo yakifika milioni 5 kwa mwaka. Karakana hii iko chini ya hapo na haijasajiliwa, kwa hiyo 6,400 hairudi. Ni sehemu ya bei ya kitambaa. Ukiitenga itakaa kitabuni kama mali ambayo hakuna atakayekulipa, na faida itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Karatasi iliyonifundisha zaidi kuhusu krediti ni ya mashine ya ovaloki. Risiti ilisema: mashine moja iliyotumika, 38,000, imelipwa taslimu. Nilipoiona mara ya kwanza niliandika krediti Keshi, nikaongeza na 1,000 ya fundi aliyekuja kuifunga na kuijaribu, jumla 39,000. Jioni nilipofunga akaunti ya keshi, salio likatoka hasi 39,000. Droo ile ilikuwa tupu siku hiyo. Sanduku la pesa haliwezi kuwa na chini ya sifuri. Linaweza kuwa tupu, basi. Keshi ikitoka hasi kitabuni, maana yake kuna pesa ziliingia ambazo hujaziandika, au umeikrediti akaunti isiyo yake.

Nikampigia simu. Akaniambia alitoa 30,000 benki siku hiyo, akaongeza 8,000 alizokuwa ameweka nyumbani, na fundi alimlipa kwa pesa zake mwenyewe pia. Kumbe droo haikuguswa kabisa.

```
9 Jan   Mashine na vifaa        DR   39,000
            Benki               CR   30,000
            Mtaji wa mwenyewe   CR    9,000
```

Zile 9,000 ni mtaji alioutia kwenye biashara. Kama angetaka arudishiwe, tungeziandika kama mkopo kutoka kwake, na hilo ni swali la kumuuliza, usimwamulie. Malipo ya fundi yameingia kwenye bei ya mashine kwa sababu bila kufungwa isingeshona. Lakini miezi sita baadaye fundi huyohuyo akija kubadilisha mkanda au kupaka mafuta, hiyo ni matengenezo, ni gharama ya mwezi huo. Tumeikadiria mashine miaka mitano, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi naandika uchakavu wa 650. Ungeitupa 39,000 yote kwenye gharama za Januari, mwezi mzuri kuliko yote kwa mshona sare ungeonekana wa hasara, na mwenye biashara angeweza kupandisha bei kwa sababu ya kosa la kitabu.

Kodi ya chumba ni ya mtindo huo. Alilipa miezi mitatu kwa pamoja, 27,000 kutoka benki. Unaidebiti kwanza kwenye Kodi iliyolipwa mbele, halafu kila mwisho wa mwezi unahamisha 9,000 kwenda Kodi ya chumba.

Risiti ya supamaketi ni ndefu na ina jumla moja chini, na jumla hiyo ndiyo mtego. Alilipa 2,340 kwa M-Pesa ya biashara. Nilimsomea vitu kimoja kimoja naye akawa ananijibu "hiki cha kazi", "hiki cha nyumbani", nami naweka alama ya kalamu pembeni. Sabuni na dawa ya sakafu 260 ni za karakana. Majani ya chai na sukari ya mafundi 380. Unga, mafuta na mchele, 1,700, ni vya jikoni kwake.

```
10 Jan  Usafi                   DR      260
        Chai ya wafanyakazi     DR      380
        Matumizi ya mwenyewe    DR    1,700
            M-Pesa              CR    2,340
```

Nimeona watu wakiiacha ile 1,700 nje ya kitabu kwa sababu si gharama ya biashara. Si gharama, kweli, lakini pesa zimetoka kwenye simu ya biashara. Ukiiacha, M-Pesa haitalingana kamwe. Matumizi ya mwenyewe hayapunguzi faida. Hupunguza mtaji wake. Na mwenye biashara anapoiona akaunti hiyo mwisho wa mwezi ndipo huelewa mbona faida ipo kwenye karatasi na simu haina kitu.

Sasa pesa za droo. Tarehe 10 alitoa 5,000 kwa wakala, ada 69. Kutoa pesa kwa wakala si gharama. Pesa zimehama mfuko: debiti Keshi ya droo 5,000, debiti Ada za M-Pesa 69, krediti M-Pesa 5,069. Gharama huja zinapotoka kwenye droo. Ukiandika 5,000 kama "matumizi madogo" siku ya kutoa, halafu uandike tena risiti za uzi na boda, umerudia lile kosa langu la vitambaa kwa njia nyingine.

Kufikia Jumamosi droo ilikuwa imetumika hivi: uzi, vifungo na zipu 2,150, boda 600, maziwa na mandazi ya mafundi 480. Jumla 3,230. Mtu wa boda hakupi risiti. Hapo tunatumia vocha, kijikaratasi cha daftari chenye tarehe, safari ilikuwa ya kwenda wapi, kiasi, na sahihi ya aliyepewa pesa. Iandikwe siku hiyohiyo. Vocha sita zilizoandikwa Jumamosi kwa wino mmoja na mwandiko mmoja hazinipi imani yoyote.

Kitabu kilisema droo ibaki na 1,770. Tulihesabu mbele ya fundi mkuu, noti na sarafu, tukapata 1,570. Imepungua 200. Fundi akapendekeza tuongeze safari moja ya boda ili ilingane. Nilikataa, na ningekataa tena. Safari ya kubuni hufunika tundu, na wiki ijayo tundu linakuwa la 500. Nilikuwa nimekwisha kuandika debiti Upungufu wa keshi 200 wakati mama alipokumbuka kwamba Alhamisi asubuhi alichukua 200 kumpa mtoto nauli ya shule. Nikafuta kwa mstari mmoja unaosomeka, nikaandika Matumizi ya mwenyewe. Kama asingekumbuka, ingebaki upungufu, na jina hilo lingesema kweli.

Kuhusu kodi, usichanganye mambo mawili. Tangu 1 Januari 2024, kwa ujumla gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi ya mapato. Hilo halina maana kwamba usiiandike. Boda ya 600 imelipwa, kitabu kinaiandika. Ninachofanya ni kuwa na safu ya ziada kwenye jarida yenye kichwa "eTIMS", na majibu yake ni ndiyo au hapana. Anayeandaa ritani atachuja hapo. Karakana hii yenyewe hulipa ile kodi ya asilimia 3 ya mauzo, kwa wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, ambayo haipunguzwi kwa gharama. Mama aliwahi kuniuliza basi risiti za nini. Nilimwonyesha ule mstari wa 28,400 wa kitambaa kilichoshonwa, tukaugawa kwa idadi ya sare zilizotoka, naye akagundua kwamba sketi za namba ndogo alikuwa akiziuza kwa faida nyembamba sana.

Risiti za mashine, zile za karatasi laini, hufifia. Za Januari zilizokaa msumarini karibu na dirisha zilikuwa nyeupe kufikia Agosti. Zipige picha siku unayozipokea na uipe picha nambari ya ingizo, maana kumbukumbu za kodi hutakiwa kuhifadhiwa miaka mitano.

Ninapomaliza kuandika, naanza kutafuta makosa kabla sijamkabidhi mtu kitabu. Jarida langu liko kwenye Excel na safu ya C ina nambari za M-Pesa, au nambari ya ankara pale ambapo hakuna M-Pesa. Naiandika mara moja tu kwa kila tukio, kwenye mstari wa kwanza wa ingizo. Fomula hii inaniambia kama nambari imejirudia:

```
=IF(C2="","",IF(COUNTIF(C:C,C2)>1,"RUDIO","sawa"))
```

Itakamata karatasi moja iliyoingizwa mara mbili. Haitakamata ankara na risiti yake zenye nambari tofauti, kwa hiyo ile kazi ya pini mezani haiepukiki.

Halafu naomba taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho na kuilinganisha. Wiki ile ilianza na salio la 34,500. Wateja walilipa 12,000. Zilizotoka ni 20,105, 2,340 na 5,069, jumla 27,514. Salio la kitabu linapaswa kuwa 18,986, na simu ilisema 18,986. Mara ya kwanza nilipolinganisha nilipata 19,160, kwa hiyo kitabu kilizidi simu kwa 174. Usiipuuze tofauti ndogo kama hiyo, wala usiiandikie ingizo la kusawazisha. Nilikaa na taarifa nikaishuka mstari kwa mstari, na pale katikati nikaona 105, kisha chini yake 69. Zilikuwa ada mbili nilizozisahau, na hazina risiti popote duniani isipokuwa kwenye simu ya yule mama.